Mgeni na Swali Lake kwa Pumzi Moja

Katika kumbi zetu, mgeni wa mazungumzo ya jukwaani hutambulishwa mara tatu kabla hajafungua kinywa. Bango na kadi ya mwaliko zimeshataja jina lake na vyeo vyake. Kisha mshereheshaji, akishasema kwamba itifaki imezingatiwa, anausoma wasifu wote: alikozaliwa, shule alizosoma, shahada, tuzo, bodi anazokaa. Halafu mwendesha mazungumzo, aliyeketi kiti cha pili na karatasi mapajani, anaurudia wasifu uleule kwa maneno yake, anamkaribisha mgeni kwa mara nyingine, kisha anauliza: "Kwa wale wasiokufahamu, hebu tueleze kwa ufupi, wewe ni nani?" Mgeni anajitambulisha mara ya nne. Muda umekwenda, watu wameanza kufungua simu zao, na hakuna ajuaye bado tumekuja kuzungumza nini.

Wengi wanaolalamikia jambo hili hulalamikia urefu, na dawa yao ni kufupisha. Nadhani ugonjwa uko kwingine. Utambulisho na swali la kwanza vimeandaliwa kama kazi mbili zisizojuana. Wasifu umetoka kwenye baruapepe aliyoituma mgeni, pengine ukiwa umeandikwa miaka kadhaa nyuma kwa ajili ya shughuli tofauti kabisa. Swali limetoka kichwani mwa mwendeshaji asubuhi ileile. Hata ukiukata wasifu huo ubaki sentensi tatu, bado hauelekei popote. Utambulisho unaofaa huandikwa kinyumenyume. Kwanza unajua utauliza nini, kisha unachagua katika maisha ya mgeni yale tu ambayo hadhira haina budi kuyajua ili swali hilo liwe lao pia, na sentensi ya mwisho ya utambulisho inakuwa kizingiti cha swali. Mgeni na swali vinaingia kwa pumzi moja.

Mtindo huu wa viti viwili na meza ndogo katikati, ambao waandaaji huuita mazungumzo ya kando ya moto, ulipata jina lake redioni. Harry Butcher wa shirika la CBS ndiye aliyeziita hivyo hotuba za Rais Franklin Roosevelt mwaka 1933. Hotuba ya kwanza ilikuwa ya Jumapili usiku, tarehe 12 Machi mwaka huo, benki za Marekani zikiwa zimefungwa na wananchi hawajui kama fedha zao zipo. Roosevelt aliwasalimu wasikilizaji kama rafiki zake, na katika sentensi yake ya kwanza kabisa akasema anataka kuzungumza nao kwa dakika chache kuhusu benki. Hakuhitaji zaidi ya hapo, kwa sababu swali lilikuwa limeshalala nao nyumbani: je, kesho nitapata fedha zangu? Ukumbini hali si hiyo. Watu waliojaza viti hawakuja na swali moja. Mmoja amekuja kwa sababu ya jina la mgeni, mwingine ameletwa na mwalimu wake, wa tatu anasubiri chakula cha jioni. Lazima mtu alitie swali ukumbini, na mtu huyo ni mwendeshaji, na nafasi aliyonayo ni dakika moja ya mwanzo, wakati wote wanamtazama.

Watangazaji wa redio na televisheni walilazimika kulitatua jambo hili mapema, kwa kuwa msikilizaji wao anaweza kuhama kwa kugeuza kitufe. Steven Clayman na John Heritage, wanazuoni wa mazungumzo katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichambua jinsi mahojiano ya habari yanavyofunguliwa, na kitabu chao cha mwaka 2002 bado ni msingi kwa wanaosoma somo hili. Walionyesha kwamba mwanzo wa mahojiano ya habari una mpangilio wake: kwanza habari yenyewe kwa kifupi, kisha usuli wake, ndipo mgeni aletwe, na swali lifuate papo hapo. Mgeni hatangulii habari. Anaingia kama mtu ambaye habari hiyo inamhitaji, na yale yanayotajwa kumhusu ni yale yanayoeleza kwa nini yeye, kuhusu jambo hili, leo. Kama ni daktari na habari ni ya kipindupindu, utasikia udaktari wake, na hutasikia kwamba ni mshairi. Tena utambulisho huo haumwelekei yeye. Mtangazaji anazungumza na wasikilizaji kumhusu mgeni aliye palepale, kisha ghafla anamgeukia.

Kipindi cha BBC ambacho mgeni huchagua rekodi nane za kwenda nazo kwenye kisiwa cha upweke, kilichoanza mwaka 1942, kimeupeleka ufundi huu mbali. Katika miaka ya Sue Lawley na Kirsty Young, mtangazaji alikuwa akianza kwa aya moja iliyoandikwa kwa uangalifu kuhusu maisha ya mgeni, na mara nyingi aya hiyo iliishia kwa jambo ambalo mgeni mwenyewe alishawahi kulisema. Swali la kwanza lilitoka hapo. Mgeni alikuwa ameshikwa na maneno yake mwenyewe, kwa upole, na hakuwa na namna ya kujibu kwa hotuba aliyoizoea. Brian Lamb wa televisheni ya C-SPAN, aliyeendesha kipindi cha vitabu tangu 1989 hadi 2004, alikwenda upande wa pili kabisa. Mara nyingi alianza kwa jina la mwandishi, jina la kitabu chake na swali, vyote katika sentensi moja. Hakumsifu mgeni wala hakuorodhesha tuzo. Watazamaji wake walikuwa watu wa vitabu, na kipindi kizima kilikuwa cha kitabu kimoja, kwa hiyo jina la kitabu lilitosha kuwa usuli.

Mwendeshaji wa jukwaani yuko katikati ya hao wawili. Hadhira yake haijui mambo kama ile ya Lamb, lakini haina subira ya kusikiliza maisha ya mtu kwa mpangilio wa miaka. Namna bora ya kuliona hilo ni kulifanyia kazi, kwa hiyo nachukua mgeni ambaye maisha yake yanajulikana wazi: Abdulrazak Gurnah. Tuseme amealikwa Unguja au Dar es Salaam kuzungumza jukwaani kwa Kiswahili, na wewe ndiwe mwenye kiti cha pili.

Utambulisho wa kawaida ungekuwa hivi: "Mgeni wetu alizaliwa Unguja mwaka 1948. Alikwenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu. Ameandika riwaya zaidi ya kumi, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Profesa, karibu sana. Ulijisikiaje siku ile ulipopigiwa simu?"

Hakuna uongo ndani yake, na si mrefu. Lakini sikiliza jinsi sentensi zake zinavyokaa. Unaweza kuitoa ya tatu na kuiweka ya kwanza, na hakuna kitakachoharibika. Hiyo ni dalili kwamba hazibebani. Msikilizaji anazihesabu tu zinapopita. Linapofika swali, linagusa mwisho wa orodha peke yake, tuzo, na yote yaliyotangulia yanageuka kuwa muda uliopotea. Swali lenyewe Gurnah alishalijibu siku ileile ya tarehe 7 Oktoba 2021, aliposema kwamba mwanzoni alidhani ni mzaha, na amelijibu mara nyingi tangu hapo. Atalijibu tena kwa adabu. Anajua tayari atakavyojibu, na akishaingia kwenye jibu la mazoea, kumtoa humo kutakugharimu maswali mawili matatu yanayofuata.

Sasa tuanze upande wa swali. Katika riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Peponi, kuna mtoto Yusufu na kijana Khalili wanaofanya kazi katika duka la tajiri mmoja wa pwani. Watu hao, kama wangekuwa hai, wangezungumza Kiswahili. Mwandishi naye Kiswahili ni lugha yake ya kwanza. Hata hivyo kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Swali ambalo mtu yeyote wa pwani angependa kumuuliza ni hili: ulipokuwa ukiandika mazungumzo yao, uliwasikia wakisema kwa lugha gani?

Ukishalipata swali, kazi ya utambulisho inajulikana. Hadhira inahitaji kujua nini ili swali hilo lieleweke na liume? Inahitaji kujua kwamba kuna riwaya, kwamba hadithi yake ni ya huku, kwamba iliandikwa kwa Kiingereza na mtu wa Unguja, na kwamba imechelewa kufika kwetu kwa lugha yetu. Basi. Kent haihitajiki. Idadi ya riwaya haihitajiki. Nobeli je? Kwa swali lenyewe, hapana. Lakini nusu ya ukumbi imekuja kwa ajili ya Nobeli, na usipoitaja watakaa wakiisubiri, kwa hiyo inapewa nusu sentensi na kupita. Utambulisho unakuwa hivi:

"Mwaka 1994 ilitoka riwaya ya Kiingereza kuhusu mtoto wa miaka kumi na miwili, Yusufu, ambaye baba yake anamtoa kwa tajiri ili kulipa deni. Yanayomfika yanatokea huku kwetu, pwani na bara, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kati ya watu ambao mchana kutwa wanazungumza Kiswahili. Ili sisi tuwasikie wakikizungumza, tulisubiri miaka ishirini na minane, hadi mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina la Peponi. Aliyeiandika ni mtoto wa Unguja, na mwaka mmoja kabla ya tafsiri hiyo alikuwa ameshapewa Nobeli ya Fasihi. Profesa Gurnah, Yusufu na Khalili walipokuwa wakibishana pale dukani, wewe uliyewaandika uliwasikia kwa lugha gani?"

Ukiisoma kwa sauti bila haraka haizidi dakika moja. Hapa huwezi kuzihamisha sentensi. Ya kwanza inaleta Kiingereza na mtoto, ya pili inaleta Kiswahili cha watu wa hadithi, na tayari kuna mvutano ambao msikilizaji anauhisi kabla hajaambiwa. Ya tatu inamwingiza msikilizaji mwenyewe, yaani yeye aliyesubiri. Ya nne inamleta mwandishi wakati ambapo tunamhitaji, na heshima yake anaipata bila kusifiwa. Swali linapofika, hadhira inakuwa imeshaanza kuliuliza moyoni.

Swali lenyewe lina sifa ambazo swali la kwanza linahitaji kuliko maswali mengine. Ni fupi. Mgeni peke yake ndiye anayeweza kulijibu, kwa sababu ni yeye tu aliyekuwepo chumbani akiandika. Na anaweza kulianza papo hapo, bila kulazimika kuyapanga maisha yake yote kichwani kwanza, kama anavyolazimika anapoulizwa kuhusu safari yake ya uandishi. Lina hatari moja, nayo lazima mwendeshaji aione kabla: linaweza kujibiwa kwa neno moja. Gurnah akisema "Kiswahili" na kunyamaza, usishtuke wala usikimbilie swali la pili katika orodha. Uwe na hatua inayofuata mkononi: kuna jambo walilolisema ambalo Kiingereza kilikataa kulibeba? Jibu la neno moja likishafuatwa hivyo linageuka kuwa mlango.

Kuona jinsi swali linavyoutawala utambulisho, badilisha swali na umwache mgeni yuleyule. Tuseme unataka kumuuliza kuhusu ukoo na utumwa. Yusufu anaondoka nyumbani akiamini kwamba tajiri anayefuatana naye, Aziz, ni ami yake. Ni Khalili anayemkanya dukani: huyo si ami yako, mwite Seyyid. Swali linakuwa: kwa nini, katika yote anayonyang'anywa mtoto huyu, ulianza kwa kumnyang'anya neno la ujamaa? Sasa tafsiri ya mwaka 2022 haina kazi, na miaka ishirini na minane ya kusubiri ingekuwa mzigo tu. Kinachohitajika ni deni la baba, safari ya mtoto asiyejua anapelekwa wapi, na lile onyo la dukani. Mtu ni mmoja, ukumbi ni mmoja, ila utambulisho ni mwingine kabisa. Ndiyo maana wasifu ulioandaliwa na mgeni mwenyewe, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kuifanya kazi hii. Yeye hajui utamuuliza nini.

Kwenye karatasi jambo hili ni rahisi. Jukwaani, mahali panapovunjika ni pale unapotoka kwenye utambulisho kuingia kwenye swali, na mara nyingi kinachopavunja ni makofi. Ukilitaja jina la mgeni kwa sauti ya kumtukuza, watu watapiga makofi, na ni haki yao. Mgeni atainama, atainua mkono, atasema asante, na swali lako litakuwa limekatwa vipande viwili. Namna iliyo salama ni kuyamaliza makofi mapema. Mshereheshaji anamwita mgeni kwa jina na cheo kimoja tu, mgeni anapanda, watu wanapiga makofi anapotembea na anapoketi, na ukumbi unatulia. Kuanzia hapo jina likitajwa tena ni la kumwita, na hakuna anayelishangilia. Lakini hilo linahitaji mapatano na mshereheshaji kabla ya shughuli kuanza, kwamba wasifu mrefu hatausoma. Mahali ambapo mfadhili au ofisi ya mkuu wa chuo inataka usomwe wote, na usomwe mgeni akiwa bado hajapanda, au uchapwe kwenye ratiba. Usiruhusu ukae kati ya kuketi kwake na swali lako.

Salamu nazo zina mahali pake, na kwetu haziwezi kuachwa. Mtu hamuulizi mzee swali bila kumwamkia, na mwendeshaji kijana anayemrukia profesa wa umri wa Gurnah kwa swali atakuwa ameukasirisha ukumbi mzima kabla ya kusikilizwa. Hapa mila inatusaidia. Mgeni akishaketi, mwendeshaji anamgeukia na kumwamkia, "Shikamoo Profesa," au kwa salamu ya mahali hapo, mgeni anaitikia, "Marahaba, hujambo." Kipaza sauti chake kimejaribiwa mbele ya wote bila mtu kukigongagonga. Fundi wa sauti amepata kiasi cha sauti yake. Hadhira imeisikia sauti ya mgeni na kuijua. Shukrani za kualikwa, ambazo mgeni mstaarabu lazima azitoe, zinatoka hapo, na hatazihitaji tena kama utangulizi wa jibu lake. Baada ya salamu, mwendeshaji anageuka kuitazama hadhira na kuanza utambulisho.

Mwili unafuata sarufi. Wakati wote wa utambulisho unasema na watu kumhusu yeye: aliandika, alizaliwa, alipewa. Macho yako kwa hadhira, na mgeni anapata nafasi ya kutulia bila kutazamwa usoni. Unapofika kwenye "Profesa Gurnah" unamgeukia kwa bega na macho, na vitenzi vinageuka pamoja nawe: uliwaandika, uliwasikia. Ukigeuka mapema, mgeni atadhani ni zamu yake na ataanza kuitikia kwa kichwa au kudakia. Usipogeuka kabisa, atabaki hajui kama ameulizwa au swali ni la kuwafikirisha watu tu. Ukishauliza, nyamaza. Waendeshaji wengi huuharibu mwanzo mzuri kwa kuogopa kimya cha sekunde tatu. Wanaongeza "yaani ninachomaanisha ni kwamba," kisha wanaleta swali la pili, jepesi zaidi, na mgeni kama binadamu yeyote anachagua kulijibu hilo jepesi.

Dalili ya kwamba umefaulu au umeshindwa inasikika katika maneno ya kwanza ya mgeni. Akianza na jambo lenyewe, duka, Khalili, sauti aliyokuwa akiisikia, utambulisho umefanya kazi. Akianza kwa "labda kwanza niseme kidogo kuhusu nilikotoka," ameona kwamba watu hawajaambiwa vya kutosha, na anakusaidia kazi yako. Akianza kwa kusahihisha, mwaka sio huo, jina la kitabu silo, dakika ya kwanza imepotea na imani ya hadhira kwako imepungua. Utambulisho uliojengwa juu ya swali una nafuu kubwa hapa. Una mambo matano au sita tu, na hayo unaweza kumsomea mgeni mwenyewe kabla ya kupanda akayathibitisha moja moja, pamoja na namna anavyotaka jina lake litamkwe na cheo anachopenda kuitwa. Wasifu wenye mambo thelathini hakuna anayeuhakiki.

Mimi humsomea mgeni swali la kwanza pia. Najua wenzangu wengi hawakubali. Wanasema jibu litakuwa limepoa. Kwa maswali ya baadaye nakubaliana nao. La kwanza ni tofauti, kwa sababu kazi yake ni kumkalisha mgeni vizuri kitini, wala si kumvizia. Tena kuna hatari kubwa kuliko jibu kupoa, nayo ni mgeni kuukataa msingi wa swali mbele ya watu. Clayman na Heritage walionyesha jinsi kauli zinazotangulia swali zinavyobeba madai ndani yake, na jinsi wahojiwa wanavyoweza kuliacha swali na kuyashambulia madai hayo. Katika mfano wangu, neno "tulisubiri" ni dai. Nimelifanya makusudi liwe letu sisi wasomaji. Kama ningesema kwamba Gurnah aliwanyima watu wake kitabu chao, au kwamba mwenyewe alikuwa akiisubiri tafsiri kwa hamu, ningekuwa nimemwekea moyoni jambo ambalo hakulisema, na angekuwa na haki ya kulitupa. Katika utambulisho weka matukio na tarehe, na hisia ziwe za upande wako. Tafsiri ya mambo mwachie mgeni.

Kuna jukwaa moja ambalo huwakumbusha waandaaji kwamba mwanzo ni ahadi kwa hadhira pia. Mwishoni mwa Novemba 2010, mwigizaji na mchekeshaji Steve Martin alizungumza jukwaani na mwandishi Deborah Solomon katika kituo cha 92nd Street Y mjini New York. Martin alikuwa ametoa riwaya kuhusu wafanyabiashara wa sanaa, na mazungumzo yalikwenda huko. Hadhira ilikuwa imekuja kumsikia mchekeshaji. Waliokuwa wakitazama kutoka miji mingine walituma baruapepe za malalamiko, mfanyakazi wa kituo akampelekea Solomon kikaratasi jukwaani kumwomba aulize zaidi kuhusu maisha ya uigizaji ya Martin, na baadaye kituo kikatangaza kuwarudishia watu thamani ya tiketi zao. Mgeni alikuwa maarufu kupita kiasi, na umaarufu ndio uliokuwa tatizo: kila mtu ukumbini alikuwa na Steve Martin wake. Sidhani mwanzo wowote ungewaridhisha wote. Lakini mgeni mwenye sura nyingi ndiye anayehitaji zaidi utambulisho unaosema tangu sentensi ya kwanza ni sura ipi tutakayokaa nayo jioni hii, na swali linaloifunga ahadi hiyo. Aliyekuja kwa sura nyingine atajua mapema, na anaweza kuamua kusikiliza kwa masikio mapya.

Mgeni asiyejulikana anataka kinyume chake. Fundi wa majahazi, mkunga, mtunza kumbukumbu wa mahakama: hakuna aliyekuja na picha yake kichwani. Hapa kishawishi ni kumpa wasifu mrefu ili astahili kiti. Afadhali umpe kitendo kimoja anachokifanya, kwa undani unaoonekana, kisha uulize kuhusu uamuzi uliomo ndani ya kitendo hicho. Fundi anayechagua mti kwa ajili ya mataruma anatazama nini kwenye mti uliosimama? Hadhira itamheshimu kwa jibu lake, haraka kuliko kwa vyeti vyake.

Wageni wawili wanavumilika ikiwa swali ni moja. Yafanye matukio yawe ya pamoja, kisha kila mgeni apewe sentensi yake inayoonyesha swali hilo linamgusa kwa upande gani, na umtaje wa mwisho yule utakayemuuliza wa kwanza, ili jina lake ligusane na swali. Kama Gurnah angeketi na mfasiri wake, ningemtanguliza mwandishi katika utambulisho na kumuuliza kwanza Ida Hadjivayanis: wakati wa kutafsiri, ulihisi unawapa Yusufu na Khalili lugha mpya, au unawarudishia yao?

Mahali ambapo sipendekezi kuunganisha ni pale mgeni anapokuja akiwa na tuhuma juu yake, kiongozi ambaye ripoti ya ukaguzi imemtaja, kwa mfano. Nguvu ileile inayoufanya utambulisho umwelekeze msikilizaji kwenye swali itamwelekeza kwenye hukumu, na mgeni atakuwa amehukumiwa kwa sauti ya upole kabla hajasema neno. Hapo tenganisha. Mtambulishe kwa cheo chake, umsalimu, kisha uyataje yaliyoandikwa kwa kutaja nani aliyeyaandika na lini, ukimtazama yeye na si hadhira, ndipo umuulize. Sifa za kumlainisha ziache nje kabisa, kwa kuwa zikifuatwa na tuhuma zitaonekana mtego, na atajibu kama mtu aliyetegwa.